Kumjibu Mwenye Kiwanda wa China

Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo huagiza bidhaa Guangzhou na Yiwu kwa kuandikiana na wenye viwanda kupitia WeChat. Lugha ni Kiingereza, na mara nyingi upande wa pili anakijua kwa shida.

Tuchukulie umeagiza sufuria 600, ukalipa asilimia 30 ya awali. Unapouliza mzigo uko wapi, anajibu kwa Kiingereza cha kukatakata, maana yake kama hivi: "Mzigo kwisha mwezi ujao 10, wewe lipa salio." Je, ni tarehe 10, au siku 10 za mwezi huo? Hapo salio lako lote liko hatarini.

Ukimwandikia kwamba hueleweki, au ukamrudishia sentensi yake ikiwa imesahihishwa, umemwaibisha, na atakayeona aibu ataanza kujibu "sawa" kwa kila kitu. Kuiga Kiingereza chake kibovu ni vibaya vilevile. Programu ya kutafsiri anayoitumia inasoma vizuri zaidi sentensi iliyo kamili.

Mbebeshe swali mwandishi, yaani wewe: "Asante kwa taarifa. Nataka nipange malipo vizuri. Mzigo utakamilika tarehe ngapi? Tafadhali niandikie siku na mwezi." Sentensi ni fupi, kila moja ina jambo moja, na hakuna methali wala mafumbo. Akijibu tarehe 10 Julai, mrudishie kama makubaliano: "Mzigo utakamilika 10 Julai. Utanitumia picha 11 Julai. Nikiona picha, nitalipa asilimia 70." Sarufi sahihi ameiona bila mtu kumfundisha, na ninyi wawili mna maandishi ya kurejea. Andika jina la mwezi, kwa kuwa 7/10 mmoja ataisoma Julai na mwingine Oktoba.

Epuka maswali ya kukanusha. Ukiuliza, "Hamjapakia bado?", Mchina, kama Mswahili, anaweza kujibu "ndiyo" akimaanisha hawajapakia, lakini anayefuata Kiingereza atadhani wameshapakia. Uliza "Mmepakia lini?"

Vivyo hivyo kwa majina ya vitu. Akiita kifuniko cha sufuria kofia, usimkosoe. Tuma picha, weka namba 1 kwenye kifuniko na namba 2 kwenye mpini, kisha zungumzieni namba.

Haya yana mipaka. Mkataba wa kontena zima, au mgogoro wa mzigo mbovu, unahitaji mkalimani anayeaminika na nakala ya Kichina, si ujumbe wa simu.

Na neno "sawa" peke yake lisikutoe fedha. Kwa wengi lina maana ya "nimeuona ujumbe" tu. Kabla hujatuma salio, hakikisha tarehe na idadi ameziandika yeye mwenyewe.