Kimo cha Sentimita 45, Mserereko wa Mita Ngapi?

Fundi akiambiwa mteja anatumia kiti cha magurudumu, mara nyingi jibu lake huwa la haraka: mifuko miwili ya saruji, kokoto kidogo, ngazi zinafunikwa, kazi imeisha. Ukirudi kesho yake unakuta zege limemwagwa juu ya ngazi tatu na kutengeneza kilima ambacho hata mtu mwenye miguu yake anakipanda akiwa ameinama mbele. Kosa hapo si la zege. Hakuna aliyepiga hesabu kabla ya mwiko kushikwa, ingawa hesabu yenyewe ni ya darasa la tano.

Tuchukue duka la dawa, jengo la kawaida la matofali. Sakafu yake iko juu ya ua kwa sentimita 45, yaani ngazi tatu za sentimita 15 kila moja. Kipimo kinachotumika sana duniani, na kilichoandikwa katika viwango vya Marekani vya mwaka 2010, ni mwinamo wa 1:12. Maana yake ni kwamba kwa kila sentimita moja ya kupanda, mserereko uende sentimita 12 mbele. Kwa kimo chetu, 45 mara 12 ni sentimita 540. Mita 5 na sentimita 40. Wenye majengo wengi hushtuka wakisikia urefu huo, na hapo ndipo majadiliano ya kuupunguza huanza.

Kwa nini usipunguzwe? Mtu pamoja na kiti chake wakifika kilo 90, kwenye mwinamo wa 1:12 mikono yake inabeba mzigo wa takriban kilo 7 na nusu muda wote, na hiyo ni ya kumzuia tu asirudi nyuma, kabla hajasogea hata hatua moja. Kile kilima cha zege juu ya ngazi huwa na urefu wa kama mita 1 na sentimita 80, yaani 1:4. Hapo mzigo unafika karibu kilo 22. Tena kuna hatari isiyoonekana kwa aliyesimama pembeni: uzito wa mtu aliyeketi uko karibu sana na ekseli ya magurudumu makubwa ya nyuma. Kiti kikiinuliwa pua kwa mwinamo mkali, uzito unavuka ekseli, magurudumu madogo ya mbele yanaachana na zege, na mtu anaanguka chali. Kusukumwa na ndugu hakuondoi hatari hiyo, na wakati wa kushuka huyo ndugu naye ndiye anayeburutwa.

Viwango hivyo hivyo vya Marekani vinaruhusu ukali zaidi katika jengo la zamani lisilo na nafasi, lakini kwa vimo vidogo tu: 1:10 ikiwa kimo hakizidi sentimita 15, na 1:8 ikiwa hakizidi sentimita 7 na nusu. Kwa hiyo ngazi moja ya sentimita 15 inaweza kumalizwa kwa mita 1 na nusu. Ngazi tatu haziingii katika ruhusa hiyo. Waingereza wao ni wakali zaidi. Kwao 1:12 ni ya mserereko mfupi wa mita 2, na kadiri unavyorefuka ndivyo unavyotakiwa kulegea. Mimi naona wana hoja. Kwa kimo cha sentimita 45, kama nafasi ipo, 1:15 ni bora zaidi, nayo itadai mita 6 na sentimita 75. Lakini tuendelee na 1:12, kwa kuwa ndiyo inayobishaniwa uani.

Sasa, kile kimo cha 45 kimepimwa wapi? Swali hili ndilo linaloharibu miserereko mingi kuliko swali la mwinamo. Fundi huweka futi mbele ya ngazi ya kwanza, anasoma, anaandika. Lakini ua uliotengenezwa vizuri haulali sawa. Umeinamishwa kidogo ili maji ya mvua yaukimbie ukuta. Tuseme ua wa duka letu unashuka sentimita 2 kwa kila mita. Tukiuelekeza mserereko moja kwa moja kutoka mlangoni kwenda barabarani, kila mita tunayoongeza inaikuta ardhi ikiwa imeshuka zaidi. Juu, mbele ya mlango, tunahitaji kwanza kibaraza bapa cha mita 1 na nusu, na chini ya kibaraza hicho ardhi imekwisha kushuka sentimita 3. Kimo sasa ni 48. Kisha kila mita ya mserereko inashusha sentimita 8.3, lakini ua nao unakwepa kwa sentimita 2, kwa hiyo tunachofaidi kwa kweli ni 6.3 tu. Gawanya 48 kwa 6.3 na utapata takriban mita 7 na sentimita 60. Ukiongeza kibaraza, mserereko unagusa ardhi mita 9 kutoka mlangoni. Aliyechimba msingi kwa mita 5.4 atafika mwisho na kukuta zege lake linaning'inia sentimita kadhaa juu ya ardhi, na dawa yake itakuwa kuikata kona ya mwisho kwa mwinamo mkali.

Suluhisho la bei nafuu ni kugeuza uelekeo. Ua unashuka kutoka ukutani, haushuki kando ya ukuta. Mserereko ukikatwa kulia mara tu baada ya kibaraza na kulala sambamba na ukuta, ardhi haiukimbii. Kwa upana wa sentimita 120, katikati yake iko sentimita 60 tu kutoka ukutani, na hapo ua umeshuka kama sentimita 1. Kimo ni 46, mserereko ni mita 5 na nusu. Juu kuna kibaraza cha mita 1 na nusu kwa mita 1 na nusu, na chini pia panatakiwa sehemu bapa ya mita 1 na nusu ili mtu ajipange kabla ya kupanda. Jumla ni mita 8 na nusu kando ya ukuta. Ukuta usipotosha, mserereko unakatwa vipande viwili, kila kimoja na mwinamo ule ule, na katikati ya vipande panawekwa kibaraza cha kugeukia. Kimo kikizidi sentimita 76, kibaraza hicho cha mapumziko ni lazima hata kama nafasi ni ndefu.

Kipimo cha kimo kichukuliwe kwenye sakafu iliyokamilika. Mwenye duka akiweka vigae baada ya mserereko kumwagwa, plasta ya chini na kigae huinua sakafu sentimita 3 au 4, na pale mlangoni panazaliwa ngazi mpya. Kupanda kwa sentimita 4 kulitakiwa kuwa na mserereko zaidi wa sentimita 48, ambao sasa hauna pa kuingia.

Tukifika mlangoni, hesabu inageuka kuwa ya kutoa. Watu husema "mlango wa tisini" kwa maana ya tundu lililoachwa ukutani. Fremu ya mbao inakula kama sentimita 5 kila upande, zinabaki 80. Ubao wa mlango ukifunguliwa hadi pembe mraba hauondoki njiani. Unene wake, kama sentimita 4, unabaki ndani ya uwazi. Tumebakiwa na 76. Viti vingi vina upana wa kati ya sentimita 60 na 70, na pembeni ya magurudumu kuna mikono inayoyazungusha. Kwa kiti cha 70, kila mkono umebakiwa na sentimita 3 kati yake na fremu. Ndiyo maana watumiaji wengi wana michubuko kwenye vifundo vya vidole. Viwango vya Marekani vinadai uwazi wa sentimita 81.5, unaopimwa kutoka uso wa mlango uliofunguliwa hadi ukingo wa fremu upande wa kitasa. Kwa hiyo tundu la duka letu liwe mita 1. Toa 10 za fremu, toa 4 za ubao, zimebaki 86.

Kuna njia ya kuokoa mlango uliokwisha jengwa. Mlango unaofunguka kwa nje hadi ulale ukutani huondoa unene wake njiani, na zile sentimita 4 zinarudi. Geti la grili linaloongezwa nje kwa ajili ya usiku nalo lifungwe namna hiyo, kwa bawaba zinazoliruhusu kulala kabisa, na ndoano ya kulishika mchana. Nimeona mlango mzuri wa 86 ukinyang'anywa sentimita 10 na fremu ya grili iliyochomelewa ndani yake. Na upande wa kitasa paachwe nafasi tupu ya sentimita 45 hadi 60 kwenye kibaraza, kwa sababu aliyeketi hawezi kuvuta mlango akiwa mbele yake; anakaa kando, anavuta, kisha anaingia. Kizingiti kisizidi sentimita 1.3. Kwa milango ya zamani ya Mji Mkongwe, Zanzibar, yenye mabawa mawili, nguzo ya katikati na gogo la kizingiti, vipimo hivi havipatikani bila kuharibu kazi ya wachongaji. Huko ni bora kutafuta mlango mwingine wa jengo na kutumia mserereko wa kubebeka.

Yaliyobaki ni ya uashi, lakini mawili yanahitaji kusemwa. Ncha ya chini ya mserereko ikimwagwa juu ya ardhi huishia kwenye ulimi mwembamba wa zege, unaomeguka ndani ya msimu mmoja na kuacha ukingo wa sentimita 3. Magurudumu madogo ya mbele yakigota hapo, mtu anarushwa mbele. Ichimbwe ardhi mwishoni, zege liingie chini na unene wake wote wa sentimita 10, uso wake ulingane na ua. Na uso huo upigwe ufagio likiwa bichi ili uwe na mikwaruzo. Vigae vinavyong'aa visikaribie, hasa pale maji ya paa yanapodondokea. Pembeni kuwe na ukingo wa sentimita 10 wa kuzuia gurudumu, na mabomba ya kushikia pande zote mbili, kimo cha kama sentimita 90.

Kabla ya kumlipa fundi, chukua ubao ulionyooka wa sentimita 120 na pima maji. Laza ubao juu ya mserereko, ncha moja ikigusa zege upande wa juu, inua ncha ya chini mpaka pima maji ikae sawa, kisha pima pengo kutoka ncha hiyo hadi kwenye zege. Sentimita 10 ni 1:12 kamili. Likiwa 12 tayari ni 1:10, na zege halijakauka kiasi cha kushindikana kuvunjwa. Pima mahali patatu, juu, katikati na chini, maana fundi aliyekosea urefu huficha ukali mwishoni.