Bei Halisi ya Kujifunza Gari

Ada ya shule ya udereva nchini Tanzania hutangazwa kwa tarakimu moja iliyoandikwa kwa rangi nene kwenye ubao au mlangoni mwa gari la mafunzo. Tarakimu hiyo peke yake haitoshi kulinganisha shule mbili, kwa sababu kila shule huamua yenyewe nini kiwe ndani ya kifurushi na nini kilipiwe pembeni.

Kabla ya kufika huko, ni vizuri kutenga malipo ya serikali, maana hayo hayabadiliki kwa kuhama shule. Leseni ya kujifunzia, ambayo wengi huiita lena, hulipiwa shilingi 10,000 na hudumu miezi 3. Ada ya mtihani wa udereva ni shilingi 3,000. Leseni yenyewe, kwa anayefaulu, ni shilingi 70,000 kwa miaka 5. Ilipanda kutoka shilingi 40,000 kwa miaka 3 mwaka 2019. Kwa hiyo shule inayoandika “ada ya mtihani 50,000” inatoza kitu kingine zaidi ya mtihani. Huenda ni gari la kufanyia mtihani, huenda ni muda wa mwalimu anayempeleka mwanafunzi kwa trafiki, na hayo ni malipo halali yakitajwa kwa jina lake. Yasipotajwa, mwanafunzi ana haki ya kuuliza. Pesa ya serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo na hutoa risiti. Pesa isiyo na risiti haikwenda serikalini, hata kama imeitwa “ya trafiki”.

Baada ya kutoa hayo, kinachobaki ndicho bei ya mafunzo, na hapo kipimo chenye maana ni kimoja: dakika ambazo mwanafunzi mwenyewe anashika usukani. Shule nyingi huuza muda kwa wiki au kwa vipindi. “Wiki mbili” inaweza kuwa vipindi 10 vya saa moja, lakini ndani ya gari wapo wanafunzi watatu wanaopokezana. Kila mmoja anaendesha dakika 20 na kuangalia wenzake dakika 40. Kuangalia kuna faida yake, hasa siku za mwanzo, lakini mguu haujifunzi klachi kwa kukaa kiti cha nyuma.

Mfano ufuatao ni wa kukokotoa tu. Kifurushi cha kwanza kinatangazwa kwa shilingi 180,000: vipindi 10 vya saa moja, wanafunzi watatu kwa gari. Mafuta ni shilingi 5,000 kwa kila mwanafunzi kila kipindi. Lena na mtihani anajilipia, na gari la siku ya mtihani ni shilingi 30,000. Kifurushi cha pili ni shilingi 320,000: vipindi 20 vya nusu saa, mwanafunzi akiwa peke yake na mwalimu, na mafuta, lena, ada ya mtihani na gari la siku hiyo vyote vimo.

Kwa macho, tofauti ni shilingi 140,000. Ikiongezwa shilingi 50,000 ya mafuta, 13,000 ya lena na mtihani, na 30,000 ya gari, kifurushi cha kwanza kinafika shilingi 273,000, na tofauti inashuka hadi 47,000. Ikija kwenye usukani, mizani inageuka kabisa. Kifurushi cha kwanza kinampa mwanafunzi dakika 200, yaani saa 3 na dakika 20. Cha pili kinampa saa 10. Ukiondoa malipo ya mtihani, lena na gari la siku hiyo pande zote mbili, saa moja ya kuendesha inagharimu shilingi 69,000 katika kifurushi cha bei nafuu na shilingi 27,700 katika kile cha bei ghali.

Mafuta yanastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa kuwa ndiyo malipo madogo yanayojirudia kila siku. Gari dogo la mafunzo, likienda mwendo wa mwanafunzi, hutembea kama kilomita 25 kwa saa. Kwa gari linalokula lita moja kwa kilomita 9, hiyo ni chini kidogo ya lita 3. Lita ikiwa shilingi 3,000, kipindi kizima kimetumia takribani shilingi 8,300, ilhali wanafunzi watatu wa kifurushi cha kwanza wamechangia 15,000. Bei za juu za mafuta hutangazwa na EWURA kila mwezi, Jumatano ya kwanza, hivyo yeyote anaweza kurudia hesabu hii kwa bei ya wakati wake.

Hata hivyo, mafuta kuwa ndani ya kifurushi si ushindi wa moja kwa moja. Shule iliyokwisha kupokea ada yote inapata faida gari lisipotembea. Dalili huonekana mapema: vipindi vinaishia uwanjani, barabara kuu inaahirishwa kila siku, mwalimu anasimamisha gari pembeni na kueleza alama ambazo zingefundishwa darasani. Kilomita kwenye dashibodi hazifichi jambo. Mwanafunzi akizisoma mwanzo na mwisho wa kipindi, atajua baada ya siku chache kama nusu saa yake ni kilomita 10 au 3. Siku za kwanza za kujifunza kuondoa gari na kurudi nyuma kilomita huwa chache kwa haki. Zikibaki chache katikati ya kozi, kuna tatizo.

Gharama inayosahaulika zaidi ni ya kurudia mtihani, kwa sababu hakuna anayejiandikisha akipanga kufeli. Ada ya serikali ya kurudia ni ndogo. Kinachouma ni gari na vipindi vya kujinoa. Katika mfano huu, anayefeli kwenye kifurushi cha kwanza analipa tena shilingi 3,000 ya mtihani, 30,000 ya gari, na tuseme vipindi vitano vya shilingi 20,000 pamoja na mafuta. Hizo ni 133,000, na jumla yake inakuwa 406,000. Kifurushi cha pili, kikiwa kimeahidi gari na vipindi vitatu kwa marudio ya kwanza, kinaishia 323,000. Mafunzo ya saa tatu na ushee ndiyo pia yanayoongeza uwezekano wa kufeli kwa mtu ambaye hajawahi kugusa gia. Marudio yakichelewa hadi lena ikaisha muda, shilingi 10,000 nyingine inaongezeka.

Ahadi ya “hadi ufaulu” inafaa kusomwa neno kwa neno. Mara nyingi ina kikomo cha marudio au cha miezi. Inahitaji pia kueleza kama asiyefika siku ya mtihani anahesabiwa amefeli, na nani analipa iwapo gari la shule ndilo lililoharibika asubuhi hiyo. Majibu yaandikwe kwenye fomu ya kujiunga au nyuma ya risiti, pamoja na idadi ya wanafunzi kwa gari.

Kifurushi cha kwanza hakikosi mteja wake halali. Aliyekwisha kuendesha trekta shambani, au anayerudi barabarani baada ya miaka mingi, anaweza kutosheka na dakika 200 zikielekezwa kwenye kupaki na kuondoka mlimani. Kwake, shilingi 47,000 ni akiba ya kweli.