Kidonge, Futari na Saa za Usiku

Mwezi wa Ramadhani humbakishia mume saa chache za kukutana na mkewe: tangu jua lizame hadi alfajiri. Kwa mwenye tatizo la nguvu za kiume, saa hizo zina mambo yake, na wengi huharibikiwa mezani kabla hawajafika kitandani.

Chukua mume wa miaka 52 pale Unguja, ambaye daktari amemwandikia sildenafili ya miligramu 50. Amefuturu muhogo wa nazi, sambusa na kaimati, akameza kidonge papo hapo. Baada ya nusu saa wanajaribu, uume hausimami. Anadhani dawa ni feki, anataka kuongeza kidonge cha pili. Asithubutu! Sildenafili tumboni palipojaa mafuta huchelewa kuingia kwenye damu kwa saa nzima hivi, na mwenye tumbo zito hata hamu humtoka. Kipimo ni kimoja tu kwa siku, na kukizidisha huku mwili umekauka maji kunaweza kuporomosha presha hadi mtu akaanguka.

Afanyeje basi? Afungue kwa tende na maji, ale kiasi, aende tarawehe. Saa nne usiku tumbo limeshapungua. Ameze kidonge, na kwenye saa tano kitakuwa kimefikia nguvu yake. Hakisimamishi chenyewe, bali huitikia mahaba, kwa hiyo asikae akikisubiri.

Kwa maoni yangu, aliyechoka na tarawehe afadhali alale, aamke saa tisa usiku, ameze kidonge kwa maji kabla ya daku. Mwili umepumzika, na homoni ya kiume hupanda mtu alalapo, ikawa juu kuelekea asubuhi. Daku waile baadaye, na maji ayanywe ya kutosha. Wakikutwa na alfajiri wakiwa na janaba, saumu yao ni sahihi. Wataoga na kuswali.

Asiyetaka kuhesabu saa amuulize daktari kuhusu tadalafili. Hiyo haijali chakula, na kazi yake huweza kudumu hadi saa 36.

Mwenye dawa za moyo za jamii ya naitreti, zile za kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana, asiguse vidonge hivi kabisa. Vikichanganyika vinaweza kuua. Anayetumia dawa za presha au tezi dume, na mwenye kisukari, amwone daktari kabla mwezi haujaandama ili apangiwe dozi za usiku, asijipangie mwenyewe.

Na kama tatizo lilikuwepo tangu kabla ya Ramadhani, usilisingizie saumu. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo huziba mapema. Nenda ukapime sukari, presha na mafuta kwenye damu.