Wastani Unaopunguza Mwendo Soko Likiyumba

Wastani unaosogea huchukua bei za kufunga za siku kadhaa zilizopita na kuchorwa kama mstari juu ya chati. Wengi hununua bei ikivuka juu ya mstari na kuuza ikishuka chini yake. Ugumu uko kwenye idadi ya siku. Wastani wa siku chache huifuata bei kwa karibu, hivyo soko likiyumba hutoa ishara ya kununua leo na ya kuuza kesho, na kila mara fedha kidogo hupotea pamoja na ada ya dalali. Wastani wa siku nyingi hutulia, lakini mwelekeo wa kweli ukianza huchelewa kuuonyesha.

Katika miaka ya 1990, Mmarekani Perry Kaufman alieleza wastani unaobadili kasi yake wenyewe. Kwenye programu za chati huitwa KAMA. Msingi wake ni uwiano wa ufanisi, ER: umbali kati ya bei ya leo na ya siku 10 zilizopita, ukigawanywa kwa jumla ya hatua zote za kila siku, za kupanda na za kushuka.

Tuseme hisa imepanda shilingi 2 kila siku, kutoka 500 hadi 520. Imesogea 20 kwa hatua zenye jumla ya 20, hivyo ER ni 1. Hisa nyingine imepanda shilingi 2 kwa siku sita na kushuka 2 kwa siku nne. Nayo imetembea 20, ila imefika 504 tu, hivyo ER ni 0.2. Kasi hupatikana hivi:

```
SC = (ER*(2/3 - 2/31) + 2/31)^2
KAMA = KAMA_jana + SC*(bei - KAMA_jana)
```

Sehemu 2/3 ni kasi ya wastani wa siku 2, na 2/31 ni ya siku 30. Kipeo cha pili ndicho chenye kazi kubwa, kwa kuwa huzidi kuupunguza mwendo wa polepole. Bei ikiwa shilingi 10 juu ya mstari, kwa hisa ya kwanza mstari hupanda takriban shilingi 4.44, kwa ya pili, senti 34 tu.

Hata hivyo, mstari uliolala hauizuii bei kuuvuka huku na huku. Anayefuata mivuko hiyo ataendelea kudanganywa. Kaufman mwenyewe aliangalia mwelekeo wa mstari, na akataka upinde kwa kiasi fulani kabla ya kuikubali ishara. Kiasi hicho hupimwa kwa mabadiliko ya mstari wenyewe siku za karibuni.

Mruko mmoja mkubwa wa bei, kwa mfano baada ya tangazo la kampuni, nao huikuza ER ghafla. Mstari huikimbilia bei, kisha bei ikirudi ilikotoka, mstari hubaki juu. Dalili ni ER kubwa iliyotokana na siku moja tu kati ya kumi.

Tushar Chande, mwaka 1992, alitumia ukubwa wa kuyumba kwa bei badala ya ufanisi. Wastani wake huharakisha bei zinapoyumba zaidi, hata zisipoelekea popote, na katika soko la namna hiyo kipimo cha Kaufman hudanganyika kwa nadra zaidi.