Kweli au uongo: simulizi za chumba cha chila

Kama umewahi kufanya kazi karibu na mitambo ya kupoza hewa ya hoteli kubwa au jengo refu la ofisi, kauli hizi umezisikia. Fundi mkuu humrithisha msaidizi wake, meneja huzirudia bili ya umeme inapofika, na ni nadra mtu kuzipima. Hapa tunazipima kwa mfano mmoja: jengo la Dar es Salaam lenye chila tatu zinazopozwa kwa maji, kila moja ikiwa na uwezo wa tani 500 za ubaridi. Kila chila ina pampu yake ya maji baridi na pampu yake ya maji ya kondensa, na hizo mbili kwa pamoja hula kilowati 52.

"Ijaze chila ya kwanza mpaka mwisho ndipo uwashe ya pili."

Uamuzi: ilikuwa kweli kwa chila za zamani. Kwa chila ambayo kompresa yake hubadili mwendo, mara nyingi si kweli tena.

Kompresa ya mwendo mmoja hupoteza ufanisi inapobebeshwa nusu ya mzigo, kwa hiyo wazee wetu wa karakana walikuwa sahihi kuibana mpaka ijae. Kompresa inayobadili mwendo hufanya kinyume chake: ikipata mzigo wa kati na maji ya kondensa yakiwa ya baridi, hula umeme kidogo zaidi kwa kila tani.

Tuseme mzigo ni tani 480. Mnamo Februari, maji ya kondensa yakiwa kwenye nyuzi 27 hivi, chila moja itahitaji kama kilowati 0.57 kwa tani, yaani 274. Ongeza pampu zake, unapata 326. Ukigawa mzigo kwa chila mbili, ufanisi unafika 0.48 na kompresa zinakula 230, lakini sasa unalipia pampu za chila mbili, kilowati 104. Jumla ni 334. Kompresa zimeokoa umeme, pampu zimeula.

Mtambo huohuo ukiwa Nairobi, ambako hewa ni kavu zaidi na mnara wa kupozea unaweza kutoa maji ya nyuzi 21, hesabu inageuka. Chila moja kwa 0.50 inafika 292 pamoja na pampu. Mbili kwa 0.36 zinafika 277. Sasa mbili ndizo nafuu. Kwa hiyo usikubali mpango wa kuwasha na kuzima chila unaotazama asilimia ya mzigo peke yake. Uutake utazame pia joto la maji ya kondensa, na ujumlishe kilowati za mtambo mzima.

"Maji baridi yakianza kupanda joto, chila moja imezidiwa. Washa nyingine."

Uamuzi: uongo, mpaka amperi zikubali.

Chila ya tani 500 iliyobuniwa kupokea maji ya nyuzi 12 na kuyatoa kwa 7 hupitisha kama lita 84 kwa sekunde. Maji yakirudi kutoka kwenye jengo yakiwa na nyuzi 10 tu, tofauti imebaki 3, na chila hiyo inabeba takriban tani 300. Pampu ya jengo inavuta maji mengi kuliko chila inavyopitisha, hivyo sehemu ya maji yaliyorudi hupenya kwenye bomba la kukatisha na kuchanganyika na maji mapya ya baridi. Chila inatoa 7, lakini kipimajoto cha bomba kuu la kwenda kwenye jengo kinasoma 8. Fundi anaona 8, anawasha chila ya pili, na sasa mbili zinabeba asilimia 30 kila moja.

Njia ya kutambua ni rahisi. Soma joto pale maji yanapotoka kwenye chila yenyewe, kisha amperi za kompresa. Ikiwa chila bado inatoa 7 na amperi ziko mbali na kikomo, ugonjwa uko kwenye jengo: vali za njia tatu, koili zenye uchafu, au vali iliyokwama wazi kwenye ghorofa fulani. Kuwasha chila ya pili kutauficha ugonjwa huo, na bili itaendelea kupanda.

"Maji ya mnara yakiwa ya baridi zaidi, ndivyo bora. Weka 21 na uache."

Uamuzi: nusu kweli, na kwa Dar ni kosa la gharama.

Nusu ya kweli ni hii: kila nyuzi moja unayoshusha kwenye maji ya kondensa hupunguza umeme wa kompresa kwa kiasi cha asilimia 2 hadi 3. Lakini mnara hauwezi kushusha maji chini ya joto la balbu nyevu, yaani lile linalosomwa na kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi na kupepewa hewa. Februari pale Dar, joto hilo huwa karibu na 25. Ukiweka 21, unaamuru lisilowezekana, na feni zitazunguka kwa kasi yote mchana na usiku zikilitafuta.

Umeme wa feni hufuata mwendo kwa kipeo cha tatu. Feni ya kilowati 30 ikipunguzwa hadi asilimia 80 ya mwendo hula takriban 15. Mzigo ukiwa nusu, maji yatapanda labda nyuzi 0.6, na kompresa inayokula 250 itaongeza kama kilowati 4. Umeokoa 15 kwa kulipa 4. Mzigo ukiwa mkubwa faida hiyo hupotea, na hapo acha feni zizunguke kwa kasi yote. Basi badala ya namba moja ya mwaka mzima, weka joto la balbu nyevu pamoja na nyuzi 2 au 3, likokotolewe upya kila dakika chache.

Kuna kikomo cha chini pia, na Nairobi ya Julai usiku inaweza kukifikia. Gesi husukumwa kutoka kondensa kwenda evaporeta na tofauti ya shinikizo. Maji yakiwa baridi mno tofauti hiyo hufifia, mafuta hayarudi vizuri kwenye kompresa, na chila hujizima kwa shinikizo dogo la evaporeta. Kikomo chenyewe kimo kwenye kitabu cha mtengenezaji, na hutofautiana sana kati ya chila na chila.

"Saa za kazi za chila zote lazima zilingane."

Uamuzi: uongo.

Kupokezana uongozi ni jambo jema, maana chila inayokaa miezi bila kuguswa hukauka mihuri, na siku ya dharura hukataa kuwaka. Lakini zikilingana kabisa, zote tatu zitafikia matengenezo makubwa msimu mmoja. Napendelea uongozi ubadilishwe kila wiki au kila mwezi, moja ikiachwa nyuma kwa makusudi, na yenye ufanisi mbaya zaidi iwe ya mwisho kuitwa.

"Usiwashe na kuzima chila ovyo, utaiua."

Uamuzi: kweli kabisa, na mzee aliyeisema hakuhitaji kompyuta.

Kila kuwasha huipa mota mkondo mkubwa wa umeme na joto kwenye nyaya zake. Kwa mtambo wetu, siku ambazo maji ya kondensa ni ya baridi, chila ya pili iitwe mzigo ukizidi tani 450 kwa dakika 15 mfululizo, na izimwe ukishuka chini ya 400 kwa dakika 20 au zaidi. Katikati, kwenye tani 425, hali iliyopo ibaki ilivyo. Asubuhi ya Jumatatu jengo likiwa limelala na joto la siku mbili, ongeza subira hiyo: maji yatakuwa juu kwa muda, kisha chila ya kwanza itayashusha yenyewe.