Jinsi ya kuhakiki apostili kutoka Uingereza

Mnunuzi wa shamba akiletewa hati ya uwakala iliyotiwa saini London, asiridhike na kuona apostili imebandikwa. Afungue mwenyewe www.verifyapostille.service.gov.uk, rejista ya serikali ya Uingereza, wala asitumie anwani aliyotumiwa na muuzaji. Aingize tarehe iliyo katika kipengee cha 6 cha apostili na nambari iliyo katika kipengee cha 8. Rekodi isipopatikana, asilipe. Ikipatikana, alinganishe maelezo yake na karatasi aliyo nayo, kwani apostili halali inaweza kubanduliwa na kubandikwa kwenye hati nyingine. Hata hivyo, apostili huthibitisha saini na muhuri pekee. Yaliyoandikwa ndani ya hati yachunguzwe na wakili.