Afisa ajira akikuuliza una cheti gani

Ujumbe wa afisa ajira huwa mfupi: "Habari. Jina lako tumelipata chuoni. Tunatafuta fundi umeme wa matengenezo, kiwandani Kibaha. Una cheti gani? Tuma vyeti na useme unaweza kuanza lini." Kijana aliyehitimu chuo cha ufundi stadi anajibu papo hapo: "Nina cheti cha VETA, naweza kuanza hata kesho." Anaambatanisha picha ya cheti aliyoipiga kwa simu, pembe moja ya karatasi imekatika. Baada ya hapo, kimya. Hudhani nafasi amepewa ndugu wa mtu, na pengine ni kweli. Lakini hata kama si hivyo, jibu lile halikumwezesha aliyeuliza kujua anaongea na fundi wa namna gani.

VETA ni mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na chini yake hutoka vyeti vingi. Mtu aliyesoma kozi fupi ya wiki chache anasema ana cheti cha VETA, na aliyekaa chuoni miaka mitatu anasema hivyohivyo. Kinachowatenganisha ni ngazi. Tuzo za ufundi stadi za sasa, zinazojulikana kwa kifupi NVA, zina ngazi tatu, na kwa kawaida kila moja huchukua kama mwaka. Ya kwanza ni ya kuanzia, ya tatu ni ya juu.

Hapa kuna mtego ambao wahitimu wengi hawaujui. Kabla ya mfumo huu mafundi walipimwa kwa treditesti, na hesabu yake ilikwenda kinyume: gredi ya tatu ilikuwa ya chini, gredi ya kwanza ndiyo ya fundi aliyekamilika. Wakuu wa karakana wenye mvi walipata vyeti vyao kwa njia hiyo. Sasa kijana mwenye NVA ngazi ya tatu akiandika "nina daraja la tatu", mzee wa karakana anamweka na wanaoanza. Kenya nako treditesti za NITA zinahesabiwa kwa gredi, ya kwanza ikiwa juu, kwa hiyo anayeomba kazi Mombasa au Nairobi anaweza kueleweka vibaya vilevile. Dawa yake ni kuandika jina la tuzo na ngazi kama zilivyochapwa kwenye cheti, kisha kuongeza maneno machache: "ngazi ya pili kati ya tatu, ya tatu ikiwa ya juu."

Hata hivyo, cheti husema fani na ngazi tu. Hakisemi mikono yako imeshika nini. Afisa ajira wa Kibaha anatafuta mtu wa kusimamia mota na paneli za mitambo, na cheti kilichoandikwa fani ya umeme kinaweza kuwa cha mtu aliyefunga taa na soketi za nyumba tu. Jibu la swali hilo liko kwenye transkripti, yaani karatasi ya matokeo ya somo moja moja, na kwenye kitabu cha kumbukumbu za mafunzo kazini, ambacho msimamizi alikuwa akisaini. Wengi hutuma cheti na kuziacha karatasi hizi mbili sandukuni, wakati ndizo zinazosomwa kwa makini.

Tuseme kijana wetu ana NVA ngazi ya pili, na mafunzo kwa vitendo aliyafanya kwenye kiwanda cha kusindika alizeti. Jibu lake lingeweza kuwa hivi:

"Habari za asubuhi, Dada. Asante kwa ujumbe kuhusu nafasi ya fundi umeme wa matengenezo Kibaha. Nina NVA ngazi ya pili, fani ya umeme, ngazi ya juu ikiwa ya tatu. Kwenye mafunzo kiwandani nilifunga kontakta na rilei za ovalodi, nikaunganisha mota za fezi tatu kwa sta-delta, na kupima insulesheni ya mota kwa mega. Kazi hizo zimesainiwa na msimamizi, ukurasa wa tatu hadi wa tano wa faili hili. Kutafuta hitilafu kwenye paneli nimekufanya nikiwa na fundi mkuu tu, sijakufanya peke yangu. Naweza kuanza Jumatatu ijayo. Vyeti halisi nitakuja navyo kwenye usaili."

Sentensi ninayoipenda zaidi hapo ni ile ya hitilafu. Vijana huogopa kuiandika wakidhani itawafukuzisha. Mkuu wa matengenezo anayeisoma anajua amtume wapi kijana huyu siku ya kwanza na nani afuatane naye, na umeme wa fezi tatu hauna subira na mtu aliyesema anaujua kumbe haujui. Neno la leseni nalo lisichanganywe na cheti. Kwa Tanzania, anayetaka kufunga umeme kwa wateja kwa jina lake mwenyewe anahitaji leseni ya EWURA. Kama huna, usiandike chochote kitakachofanya msomaji adhani unayo.

Karatasi ziwe kwenye faili moja la PDF, cheti kikitangulia, kisha transkripti na kurasa zilizosainiwa. Faili lipewe jina linaloeleweka, mfano `Umeme_NVA2_Jina_Ukoo.pdf`, kwa sababu afisa ana mafaili mengine mengi yanayoitwa kwa namba za kamera. Kila ukurasa uonekane hadi ukingoni. Namba ya cheti ndiyo inayotumika kukihakiki kwa waliokitoa, na ndiyo inayopotea picha inapokatika. Kama cheti hakijatoka, tuma hati ya matokeo ya awali na useme wazi kwamba cheti kinasubiriwa.

Majina nayo huleta usumbufu. Cheti kinasema Mohamed, kitambulisho cha NIDA kinasema Muhammad, au jina la babu limeonekana kwenye kimoja tu. Afadhali uliseme wewe kwenye jibu la kwanza, kwa sentensi moja, na uambatanishe hati ya kiapo iliyosainiwa mbele ya wakili, kuliko tofauti hiyo kugunduliwa siku ya kuandikiana mkataba.

Nafasi ikiwa ya uanagenzi, jibu lazima libadilike. Mwanagenzi hujifunza zaidi kazini na kwa sehemu chuoni, na mara nyingi hupewa posho badala ya mshahara kamili. Mwenye ngazi ya tatu akiomba nafasi ya wanaoanza, aeleze kwa nini, kwa mfano kwamba anataka kuhamia fani ya majokofu. Asipoeleza ataonekana hakusoma tangazo. Naye ana haki ya kuuliza, kwa adabu, mambo manne: mafunzo ni ya muda gani, mwisho wake unapata cheti kipi na kinatolewa na nani, posho ni kiasi gani, na ukiumia kazini nani anagharamia matibabu. Afisa mwenye nafasi ya kweli ana majibu haya tayari. Anayeyakwepa na kuanza kudai "hela ya kuhakiki vyeti" kwa namba ya simu, acha kumjibu.

Siku ya usaili nenda na vyeti halisi pamoja na nakala zenye mhuri wa wakili. Wakitaka kubaki na kitu, waachie nakala. Vyeti halisi wavione, walinganishe majina na namba, kisha urudi navyo nyumbani.